Picha ya Mazungumzo Haishuhudii Mazungumzo

Miaka ya nyuma mtu aliyetaka kuvunja posa alihitaji kuutembeza ulimi wake nyumba kwa nyumba, na wazee walijua jinsi ya kumkabili: walimwita, wakamketisha, wakamuuliza alisikia kwa nani. Leo haji mtu. Huja picha. Kutoka Garissa hadi Mandera, na kwetu huku pwani vilevile, picha ya skrini ya simu inayoonyesha mazungumzo ya WhatsApp huletwa mbele ya wazazi, mbele ya kamati ya msikiti, mbele ya wanunuzi wa mifugo, na hata mbele ya Kadhi, nayo hupokewa kana kwamba ndiyo mazungumzo yenyewe. Tumeona kwamba ni vyema kuwaeleza wasomaji wetu picha hiyo ni kitu gani hasa, na njia ipi mpokeaji aifuate ili ajue kama maneno yaliyomo yalisemwa kweli.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba picha ya skrini haina uhusiano wowote na mazungumzo baada ya kupigwa. Ni picha tu, kama picha ya barua. Ukiigusa haifunguki, ukilishika jina lililoandikwa juu yake halikuonyeshi nambari, na hakuna muhuri ndani yake uliowekwa na WhatsApp kuthibitisha lolote. Kwa hiyo suala la kuchunguza si uzuri wa picha, bali ni kile kilichokuwa kwenye kioo cha simu wakati picha ilipopigwa.

Uongo wa namna hii hutengenezwa kwa njia tatu zilizo maarufu. Ya kwanza ni programu maalumu za kuigiza mazungumzo. Mtu huandika jina analotaka, akaweka picha, akajaza maneno ya pande zote mbili pamoja na saa zake, kisha programu humtolea kitu kinachofanana na WhatsApp. Ya pili ni kufungua WhatsApp kwenye kompyuta kupitia kivinjari. Kila kivinjari kina chombo cha mafundi kinachoruhusu kubadilisha maneno ya ukurasa ulio mbele yako. Mabadiliko hayo hayamfikii mtu mwingine, na ukurasa ukifunguliwa upya hufutika, lakini kabla ya hapo picha huwa imekwisha pigwa. Herufi ni zile zile, rangi ni zile zile, na jicho halina cha kushika. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, wala haihitaji ufundi: mtu huchukua laini nyingine, huihifadhi kwenye simu yake kwa jina la yule anayetaka kumchafua, huweka kwenye akaunti ya laini hiyo picha ya mhusika, kisha hujiandikia mwenyewe. Jina linaloonekana juu ya mazungumzo ni lile ambalo mwenye simu amelihifadhi yeye, si jina lililothibitishwa na mtu yeyote.

Sasa tutazame dalili. Picha inapokufikia, swali la kwanza ni hili: simu iliyopigwa picha ni ya nani? Katika WhatsApp maneno ya mwenye simu hukaa upande wa kulia, na maneno ya mwenzake upande wa kushoto. Tiki, zile alama ndogo zilizo chini ya ujumbe, huonekana kwenye maneno ya mwenye simu peke yake, kwa sababu kazi yake ni kumjulisha aliyetuma kama ujumbe wake umefika. Tiki moja ya kijivu ni kuwa ujumbe umetoka, mbili ni kuwa umefika kwenye simu ya mwenzake, na zikiwa za buluu umesomwa. Basi ukiona tiki kwenye maneno ya upande wa kushoto, picha hiyo imetengenezwa na mtu asiyejua kazi ya alama hizo.

Dalili ya pili ni saa. Juu kabisa ya picha huwa kuna saa ya simu wakati picha ilipopigwa. Ikiwa mazungumzo yamewekwa chini ya neno `Today`, yaani leo, saa hiyo ya juu haiwezi kutangulia saa ya ujumbe wa mwisho. Ujumbe wa 21:14 hauwezi kuonekana kwenye skrini ambayo saa yake ni 20:50. Tena, saa za ujumbe hufuata mpangilio wa simu: ikiwa juu imeandikwa 21:20, si kawaida chini iandikwe `9:14 PM`. Msomaji akumbuke pia kwamba saa ya simu si saa yetu ya Kiswahili. 21:14 ni saa tatu na dakika kumi na nne usiku. Tumeona watu wakimtetea mshukiwa kwamba saa tisa alikuwa amelala, ilhali picha ilisema saa tatu. Na ikiwa sehemu ya juu ya picha imekatwa, usiseme kuwa ni bahati mbaya. Omba picha nzima.

Dalili ya tatu imo katika njia ambayo picha ilisafiri. Neno `Forwarded` juu ya picha lina maana kwamba aliyekuletea hakuipiga yeye, bali alipelekewa na mwingine. Jina la faili nalo huzungumza kidogo. Picha iliyopita kwenye WhatsApp ya simu ya Android hupata jina kama hili:

```
IMG-20250312-WA0007.jpg
```

Tarehe hiyo ni ya kuingia kwenye simu, wala si tarehe ya mazungumzo. Kwa hiyo anayesema, "Tazama, jina lake lina tarehe ile ile," hajathibitisha chochote.

Dalili hizi zina mpaka wake, na mpaka huo ndio kiini cha makala haya. Picha inaweza kujishuhudia kuwa ni ya uongo, lakini haiwezi kujishuhudia kuwa ni ya kweli. Ukiipata tiki mahali pasipo pake, umemaliza kazi. Lakini usipopata kasoro yoyote, bado hujajua lolote, kwa kuwa njia ya kompyuta na njia ya kubadilisha jina haziachi kasoro ndani ya picha. Hapo uchunguzi lazima utoke kwenye picha uende kwenye simu na kwa watu.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili hatua zake zionekane. Mama mmoja wa Garissa, mkaazi wa Bulla Iftin, amempokea mchumba wa bintiye. Kijana ni dereva wa lori, huchukua bidhaa Garissa akapita Modogashe na Wajir, akashuka Elwak hadi Mandera. Mahari imekubaliwa na siku imetajwa. Ijumaa baada ya Isha nambari asiyoijua inamletea mama picha tatu. Juu yake lipo jina la kijana na uso wake. Katika picha hizo kijana anamwambia rafiki yake kwamba anaoa kwa ajili ya mali ya baba mkwe, na kwamba binti mwenyewe hampendi. Ujumbe ni wa usiku wa Jumanne, kuanzia 21:14 hadi 21:22, na kijana anajibu kila baada ya dakika moja.

Mama anatazama dalili. Jina la kijana liko juu, kwa hiyo simu iliyopigwa picha ni ya huyo rafiki. Maneno ya kijana yako kushoto, hayana tiki, na ndivyo inavyotakiwa. Saa ya juu ni 21:40, nayo haikinzani na ujumbe. Picha ni safi. Mtu mwenye pupa angeishia hapa, akampigia mumewe, na kabla ya alfajiri habari ingefika kwa koo zote mbili.

Lakini mama ana kitu ambacho aliyetuma picha hakukifikiria. Usiku ule ule wa Jumanne, saa 20:55, alimwandikia kijana kumuuliza kama amefika salama. Ujumbe huo umo kwenye simu yake mwenyewe. Anaubonyeza kwa kuushikilia, anafungua sehemu iitwayo `Message info`, na hapo anaona saa mbili: ile ambayo ujumbe ulifika na ile ambayo ulisomwa. Ulifika kwenye simu ya kijana saa 06:20 asubuhi ya Jumatano. Maana yake ni kwamba usiku huo kutoka 20:55 simu ya kijana haikuwa mtandaoni hadi alfajiri. Wakaazi wa kaskazini mashariki hawatashangaa. Katika Mandera, Wajir na Garissa minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa, na kati ya mji na mji yapo maeneo marefu ambako simu haishiki kitu. Mtu asiye na mtandao hawezi kujibu rafiki yake kila dakika.

Hata hivyo, jambo hilo peke yake halitoshi. Huenda kijana ana laini ya pili ndani ya simu nyingine. Kwa hiyo mama anachukua hatua mbili zaidi, nazo ndizo hatua zenyewe.

Anaanza kwa mwenye picha. Hamtukani, wala hamwambii ameamini au hakuamini. Anamwandikia hivi: "Assalamu alaikum. Nimeziona picha. Naomba unijulishe wewe ni nani na simu hii ya mazungumzo ni ya nani, nami nitaleta mzee wa familia aione ikiwa wazi mkononi mwa mwenyewe." Anayesema kweli hupata uzito hapa, kwa sababu huenda anaogopa kutajwa, na mama anaweza kumwahidi siri. Lakini simu yenyewe haina badala. Mzee atakapoishika ataomba mambo manne tu: mazungumzo yasogezwe juu na chini ili aone yaliyotangulia na yaliyofuata, jina lililo juu liguswe ili nambari ionekane, kitafutwe neno moja la mazungumzo ya zamani, kwani marafiki wa kweli huwa na salamu na habari za miezi mingi nyuma, na ujumbe mmoja wa mwenye simu ufunguliwe katika `Message info`. Mambo hayo hayachukui dakika tano. Ikiwa mwenye simu yuko mbali, simu ya video ambamo anaielekeza kamera kwenye simu ya pili na kufuata maelekezo papo hapo ni bora mara nyingi kuliko picha kumi zaidi.

Katika mfano wetu, mzee anaposhika simu na kuligusa jina, nambari inayotokea si ya kijana. Ni laini nyingine iliyohifadhiwa kwa jina lake, na mazungumzo yote yaliyomo ni yale ya Jumanne peke yake. Hayana jana wala juzi.

Hatua ya pili ni kwenda kwa anayetuhumiwa, na kwenda kwake mapema kabla habari haijamfikia kwa mlango mwingine. Mazungumzo ya watu wawili huacha nakala mbili, moja katika kila simu. Mama anampigia: "Mwanangu, sijaja kukuhukumu. Nimeletewa maneno yanayosemwa ni yako. Ukifika Garissa njoo na simu yako, ukae na mjomba wako wa upande wetu, tuyatazame pamoja." Kijana anajibu, "Sawa, mama. Nitakuja nayo kama ilivyo, sitafuta kitu." Jibu hilo la mwisho lina thamani kubwa, na hapa tunalazimika kueleza sababu yake.

Hata simu ya kweli, yenye nambari ya kweli, yaweza kudanganya kwa kunyamaza. WhatsApp ina namna mbili za kufuta. Mtu akiufuta ujumbe kwa wote, pande zote mbili hubaki maandishi yanayosema kuwa ujumbe umefutwa. Lakini akiufuta kwa upande wake tu, kwenye simu yake hapabaki hata alama. Mtu anaweza kuandika, "Je, ni kweli unamuoa kwa mali?" Mwenzake akajibu, "Ndiyo, ndivyo maadui wanavyosema, na ni uongo mtupu." Kisha mtu huyo akakusanya ujumbe mwingine wa "Ndiyo" uliojibu swali la chakula, akafuta vilivyo katikati, na kilichobaki kikawa swali la mali na jibu la "Ndiyo". Kila neno ni la kweli, nambari ni ya kweli, na maana ni ya uongo. Ujumbe uliohaririwa una afadhali, kwa kuwa mwandishi hupewa dakika 15 tu za kuubadilisha, na neno `Edited` hubaki pembeni mwake.

Dawa ya ukimya huu ni kulinganisha nakala mbili. Kila upande huingia kwenye mazungumzo, hufungua orodha ya mipangilio, na kuchagua `Export chat` bila picha. Hutoka faili la maandishi lenye mistari ya namna hii:

```
12/03/2025, 21:14 - Rafiki: Umefika?
12/03/2025, 21:15 - Dereva: Ndiyo
```

Faili moja peke yake si ushahidi mzito, kwa sababu ni maandishi matupu na yeyote anaweza kuongeza mstari au kuutoa. Mawili yaliyotolewa kwa wakati mmoja, mbele ya watu wa pande zote, ni jambo tofauti. Yawekeni pamoja, mfuate saa kwa saa. Mstari ulioko kwa mmoja na haupo kwa mwingine ndio mahali pa kuuliza. Huenda umefutwa, huenda umeongezwa, na kuangalia simu zenyewe katika dakika hiyo ndiko kutakakoamua.

Linabaki swali moja ambalo watu wengi hulisahau: je, aliyeandika ni mwenye nambari? Katika nyumba zetu simu hupita mikononi mwa ndugu na watoto. Zaidi ya hayo, akaunti moja ya WhatsApp yaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na aliyeishika simu yako kwa dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta yake. Anayekana maneno yaliyotoka kweli kwenye nambari yake aonyeshe sehemu ya `Linked devices`. Kifaa asichokijua, pamoja na siku ya mwisho kilipotumika, huandikwa hapo.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini tusiiombe kampuni ya simu, au WhatsApp yenyewe, ikatuambia. Haitawezekana. Tangu mwaka 2016 mazungumzo ya WhatsApp hufungwa kwa ufunguo ulioko kwenye simu za wahusika peke yao. Kampuni ya laini huona kwamba data imetumika, haioni maneno. WhatsApp nayo haiweki nakala ya ujumbe uliokwisha kufika. Yeyote anayewaahidi kwamba ana mtu ndani ya kampuni atakayetoa mazungumzo ya mtu mwingine kwa malipo, basi huyo ni tapeli wa pili juu ya yule wa kwanza.

Jambo likifika mahakamani, sheria ya Kenya haiikatai simu. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 78A, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inamtaka hakimu apime jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na jinsi aliyeuandika alivyotambuliwa. Kifungu cha 106B kinadai masharti kwa nakala zilizotolewa kwenye kompyuta, miongoni mwao cheti kinachoeleza nakala ilitolewaje na kwa kifaa gani. Anayekuja na karatasi iliyochapishwa, asiye na simu wala cheti, huja na mkono mtupu. Katika mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 imezipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu waliokubali kuhukumiwa humo, mashahidi walioiona simu ikifunguliwa watafaa kuliko rundo la picha. Na anayeghushi aelewe kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inahesabu kughushi data kuwa kosa la jinai.

Kwa hiyo, mpokeaji asifute chochote, hata picha zenyewe, wala asiikate nambari iliyomletea. Ayaandike pembeni siku na saa zilipoingia. Aangalie kama mazungumzo yamewekwa katika hali ya kujifuta, kwani hutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kila siku ya kusitasita hula ushahidi. Wala asizipeleke kwenye kundi la familia kuuliza maoni. Picha ikishaingia katika kundi la watu mia mbili, hata ikijulikana kesho kuwa ni ya uongo, habari ya uongo wake haitawafikia wote walioiona.

Katika mfano wetu posa ilisalimika kwa sababu ya nambari moja iliyoguswa na mzee mmoja. Binti hakujua chochote hadi jambo lilipokwisha, na huenda hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Uchunguzi ulifanyika kwa watu wanne, ndani ya chumba kimoja, na simu mbili zikiwa wazi juu ya mkeka.